Uzoefu wangu na GIMP: kumsimamisha mtu nyuma ya uzio katika picha

Kati ya kazi zote ninazozifanya kwa GIMP, inayonionyesha wazi zaidi uwezo na mipaka ya programu hii ni kumwongeza mtu kwenye picha na kumsimamisha nyuma ya uzio. Ni programu ya bure, haihitaji kompyuta ya bei kubwa, na kwa kazi hii inatosha, mradi mtumiaji asitarajie ijiamulie yenyewe nani yuko mbele na nani yuko nyuma.

Nitaeleza kwa picha ya familia moja ya Tanga. Walipiga picha uani huku uzio wa nguzo za chuma na mabomba ya mlalo ukiwa kati yao na kamera. Binti yao anayefanya kazi Maskati hakuwapo, wakaniomba nimweke kando ya mama yake. Mahali pekee palipokuwa wazi ni nyuma ya nguzo.

Njia ambayo wengi huanza nayo ni kufuta sehemu ya mwili inayopitiwa na nguzo. Siipendi, kwa sababu ukimsogeza mtu kidogo tu, ule ufa uliofutwa unahama naye. Mimi hutumia matabaka matatu: chini picha halisi, katikati binti aliyekatwa vizuri, na juu kabisa nakala ya picha halisi inayobakiza uzio peke yake. Nguzo naizungushia mstari kwa `Paths`, nabofya `Selection from Path`, kisha kwenye tabaka la juu naongeza maski, yaani kifuniko kinachoficha sehemu za tabaka bila kuzifuta, na kuchagua ianzie kwenye `Selection`. Kuanzia hapo naweza kumsogeza binti kushoto au kulia nipendavyo, na nguzo inabaki mahali pake ikimpita mbele.

Ugumu uko kwenye ukingo. Nyuma ya nguzo ile palikuwa na ukuta mweupe, na pikseli za pembeni zilikuwa zimechanganya rangi ya chuma na weupe wa ukuta. Binti alivaa buibui jeusi, kwa hiyo mara alipokaa nyuma ya nguzo ulijitokeza mstari mwembamba mweupe juu ya nguo, na huo ndio unaomfanya mtazamaji ahisi kwamba picha imebandikwa. Dawa yake ni kupunguza eneo lililochaguliwa kwa pikseli 1 kwa `Select > Shrink` kabla ya kutengeneza maski. Palipobaki weupe, natumia `Clone` kuvuta rangi ya chuma hadi ukingoni, nikipaka kwenye tabaka lenyewe na si kwenye maski. Nguzo ikiwa karibu sana na kamera na imetoka na ukungu, maski nayo lazima ilainishwe kwa kiasi hicho hicho, kwani nguzo yenye ukungu haiwezi kuwa na ukingo mkali kama wembe.

Ukubwa wa mtu sikisii. Kamera ilishikwa kama mita 1.5 kutoka chini, uzio ulikuwa mita 3 mbele yake, na kwenye picha kitako cha nguzo kilikuwa pikseli 1500 chini ya mstari wa upeo wa macho. Binti nilitaka asimame mita 4 kutoka kwenye kamera, hivyo kwenye ardhi tambarare nyayo zake zinapaswa kuwa 1500 × 3 ÷ 4, yaani pikseli 1125 chini ya mstari huo. Kwa kuwa ana urefu wa mita 1.6, anatoka na pikseli 1200, na utosi wake unapita mstari huo kwa pikseli 75. Nyayo zikishuka hadi usawa wa kitako cha nguzo, macho yanamwona amesimama kwenye mstari wa uzio wenyewe, hata kama nguzo inamfunika.

Kivuli nacho kina ushahidi wake. Jua lilikuwa nyuma ya mpiga picha, kwa hiyo kivuli cha bomba kilianguka uani na kupanda kwenye nguo za wote waliokuwa nyuma. Nilimchorea binti kivuli hicho kwenye tabaka tofauti lenye hali ya `Multiply`, kikikunjika kwenye mikunjo ya buibui. Picha yake ilikuwa kali kuliko ya wenzake, nikaipunguza kwa `Gaussian Blur`. Hapo nalisifu toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025, kwani kichujio kinabaki kikiweza kurekebishwa baadaye, tofauti na 2.10 kilipokuwa kikiingia moja kwa moja kwenye pikseli.

Kwa nguzo na mabomba naipendekeza GIMP bila kusita. Kwa wavu wa senyenge wenye matundu madogo, kuchora kila uzi kwa `Paths` ni adhabu. Huko nategemea tofauti ya mwanga kati ya waya na kilicho nyuma yake, na kama waya na ukuta vina rangi moja, namwambia mteja tutafute picha nyingine.