Simu ya kupigia tu: ipi ununue Mombasa ukitaka sauti safi

Mamangu alinipigia kutoka Mji wa Kale akasema fundi anauliza habari ya thamani. Nikamtajia bei. Akanirudia mara tatu, kila mara sauti ikiwa imepanda kidogo, mpaka nikaelewa kwamba ni samani: fundi alitaka kujua zipakiwe lini. Sikumlaumu bi mkubwa. Alikuwa kwenye kabambe yake ya zamani, ile mulika mwizi, na simu ya 2G hupitisha sauti kati ya hezi 300 na 3400 tu. Sehemu kubwa ya kinachotofautisha S, F na TH iko juu ya hapo. Hukatwa, na sikio lako linabaki kubahatisha. Ndiyo maana ukimsomea mtu msimbo wa muamala wa M-Pesa, S na F lazima uzirudie.

VoLTE ni simu ya sauti inayopita ndani ya 4G yenyewe. Hubeba sauti kuanzia hezi 50 hadi karibu 7000, kwa hiyo thamani na samani zinasikika mbalimbali. Haihitaji bando, unakatwa kama simu ya kawaida. Tena si sawa na simu ya WhatsApp, ambayo hupanga foleni pamoja na video za watu wote waliounganishwa na mnara huo. Mtandao huipa VoLTE njia yake ya mbele, ndiyo sababu haikwaruzi ovyo jioni wakati kila mtu yuko mtandaoni.

Ila kuna jambo ambalo wauzaji wa Digo Road hawatakwambia: 4G ilijengwa kwa ajili ya data. Haina ile njia ya sauti iliyokuwako kwenye 2G na 3G. Simu iliyoandikwa 4G kwenye boksi lakini isiyo na VoLTE inayokubaliwa na mtandao wako, kila ukipiga hulazimika kushuka kwanza hadi 3G au 2G, ndipo iite. Unabonyeza, kimya, sekunde tano au zaidi, halafu ndiyo mlio. Ukikata, inapanda tena 4G.

Kwa hiyo orodha yangu ni ya mtu anayenunua simu ya kuongea. Kamera haimo.

Nafasi ya kwanza naipa simu mpya ya Android iliyoletwa kwa soko la Kenya, hata ya bei ya chini. Programu yake kwa kawaida hutengenezwa ikijua mitandao ya hapa. Kinachoifanya VoLTE iwake au igome ni makubaliano ya aina tatu: simu iwe nayo, laini iwe imefunguliwa, na mtandao uitambue modeli hiyo. Simu ya soko la hapa ina nafasi kubwa zaidi ya kutimiza yote matatu. Ukiwa na laini mbili, kama wengi wetu, uliza kama VoLTE inafanya kazi kwenye laini zote mbili kwa pamoja. Zipo simu ambazo laini ya pili hubaki kwenye mtandao wa zamani. Laini unayopigiwa sana iweke pale penye VoLTE.

Ya pili, na hapa najua nitabishiwa, ni kabambe ya 4G. Nokia 105 4G na 110 4G zilipotoka 2021 zilikuja na VoLTE, na tangu hapo aina nyingine zimefuata. Kwa mzee asiyetaka kioo cha kuteleza, inaishinda simu kubwa ya mtumba. Chaji inakaa, vitufe vinaonekana. Angalia tu boksi: liseme VoLTE, si 4G peke yake.

Ya tatu ni iPhone ya mtumba. Hii hupakia mipangilio ya mtandao kulingana na laini uliyoweka, hivyo ilikotoka si tatizo kubwa kama kwa Android, mradi haijafungwa kwa mtandao wa huko.

Ya nne ni Android ya mtumba kutoka ng'ambo, hasa zilizouzwa na kampuni za simu za huko. Simu yenyewe nzuri, kioo kizuri, bei ya kuvutia, lakini programu yake inaijua VoLTE ya mtandao wa kwao na hapa inakaa bubu. Si haramu kuinunua. Usilipe tu kabla ya kuipima.

Simu ya 2G au 3G pekee iko chini kabisa. Haina nafasi ya VoLTE.

Kupima ni hivi. Weka laini yako mwenyewe, subiri ishara ya 4G, kisha pigia simu nyingine unayojua ina VoLTE, ya mtandao uleule. Tazama juu ya kioo. 4G ikibaki, au ikitokea HD, na mlio ukaja ndani ya sekunde moja mbili, umefaulu. Ikigeuka H, 3G au E mara tu unapobonyeza, imeshuka. Kwenye Android nyingi unaweza pia kubonyeza:

```
*#*#4636#*#*
```

Fungua taarifa za simu, tafuta `IMS Service Status`. Ikisema `Not Registered`, simu hiyo kwa sasa haina VoLTE, muuzaji aseme atakalo.

Ikishuka usiirudishe papo hapo. Kwanza tafuta kitufe cha `VoLTE` kwenye mipangilio ya laini. Wakati mwingine kimezimwa. Kisha hamishia laini yako kwenye simu inayofanya kazi. Hata huko ikishuka, ubaya uko kwenye laini: huenda ni kadi ya zamani ya enzi za 3G, inabadilishwa kwenye duka la kampuni ya mtandao wako. Huko ikifanya vizuri, basi simu ya dukani ndiyo yenye kasoro, na hapo hakuna tena la kujadiliana.

Nilimnunulia mamangu kabambe ya 4G. Dukani ilifaulu, 4G ikakaa imara. Nyumbani akanipigia, sauti safi, nasikia hata kijiko kikigonga kikombe. Katikati ya mazungumzo, ghafla sauti ikawa nyembamba kama inatoka ndani ya kopo. Simu haikukatika. Nikamuuliza uko wapi, akasema ameingia chumba cha ndani.

Nyumba zile za mawe ya matumbawe zina kuta nene, na mawimbi ya megahezi 1800 hupenya humo kwa shida kuliko yale ya 800. 4G ilipofifia, mtandao uliikabidhi simu yake kwa 3G bila kuikata, na ubora ukashuka papo hapo. Aliporudi barazani sauti haikurudi. Makabidhiano hayo huenda upande mmoja: ukishashushwa, kwa kawaida unabaki huko mpaka ukate na kupiga upya.

Kwa hiyo sasa tuna utaratibu. Nikisikia sauti ya kopo namwambia, "Mama, kata, sogea dirishani, nakupigia." Shangazi yake wa Likoni bado ana mulika mwizi. Akizungumza naye hata dirishani sauti ni ileile ya zamani, maana VoLTE ya upande mmoja haimpi mwenzako masafa ambayo simu yake haina. Na yule ndiye anayepiga kila siku, kwa hiyo kabambe ya pili nitaipeleka huko mwisho wa mwezi.