Programu ya duka ni ya zamani, kompyuta ni mpya: ununue nini?

Mzee mmoja wa Langoni, Lamu, huuza saruji, misumari na boriti. Deni zote za manahodha na mafundi wa nyumba ziko ndani ya programu aliyoandikiwa miaka ya 1990, ile ya kioo cheusi na maandishi meupe, yenye kutoa risiti kwa printa ya nukta na karatasi za kaboni. Mwaka huu kompyuta yake ilikufa. Chumvi ya bahari ilikuwa imekula bodi mpaka vishikizo vikageuka kijani. Mwanawe akapanda basi hadi Mombasa, akarudi kupitia Mokowe na laptopu nzuri ya mtumba yenye Windows 11. Walipobofya DUKA.EXE, kioo kikaandika "This app can't run on your PC".

"Fundi, mwanangu ameuziwa mbovu," mzee aliniambia, laptopu iko kwapani.

Haikuwa mbovu, na mwongozo huu nauandika kwa sababu yake. Wengi hapa kisiwani wanabadilisha kompyuta tangu Microsoft waache kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na swali la kwanza huwa ni bei na ukubwa wa diski. Mwenye programu ya zamani ana swali jingine la kuuliza kabla ya hayo.

Jua kwanza una nini

Programu za DOS, mfumo uliotangulia Windows, ziliandikwa kwa lugha ya kichakataji cha biti 16. Windows za biti 32, kuanzia Windows NT hadi Windows 10 ya biti 32, zilikuwa na chumba cha pembeni kiitwacho NTVDM, ambamo programu hiyo iliishi ikidhani bado iko kwenye kompyuta ya mwaka 1990. Chumba hicho kilitegemea hali maalumu ndani ya kichakataji chenyewe. Kichakataji kikishaingia katika kazi ya biti 64, hali hiyo haipo tena, na Microsoft hawakuijengea mbadala. Windows 11 hutoka ya biti 64 tu. Kwa hiyo hata ungenunua laptopu ya bei ya jahazi, jibu la DUKA.EXE lingekuwa lile lile.

Programu za biti 32 ziko salama zaidi, kwa sababu Windows ya biti 64 ina mkalimani wake wa ndani, WOW64, anayezipokea bila wewe kujua. Ndiyo maana kuna folda mbili, moja imeandikwa "Program Files (x86)". Lakini nimeona programu ya biti 32 ikikataa kwa sababu kisakinishi chake peke yake ndicho cha biti 16. Hapo mara nyingine kunakili folda nzima kutoka mashine ya zamani kunatosha.

Ili kujua yako ni ipi, nakili faili ya .EXE mahali pengine, kisha ifungue nakala hiyo kwa Notepad. Usiihifadhi, maana Notepad itaiharibu. Utaona takataka nyingi, lakini herufi mbili za mwanzo ni MZ. Telemka kidogo. Ukikuta PE ikifuatwa na takataka, hiyo ni ya Windows, ya biti 32 au zaidi. Ukikuta NE, karibu kila mara ni ya Windows za enzi ya 3.1, biti 16. Usipoona mojawapo, karibu hakika ni DOS. Ya mzee ilikuwa DOS, na folda yake ilijaa faili za .DBF na .NTX, alama ya programu zilizoandikwa kwa lugha ya Clipper. Hilo lilinipa moyo, kwa sababu faili za .DBF, zenye data yenyewe, zinasomeka hata kwa LibreOffice Calc. Programu ingekataa kabisa, deni za watu zisingepotea. Zisome tu huko, usizihifadhi kutoka Calc.

Nafasi ya kwanza: kompyuta ya kawaida ya Windows 11 na DOSBox-X juu yake

Kwa duka lenye meza moja, hili ndilo ningenunua mimi. Laptopu yoyote ya mtumba inayokubali Windows 11 inatosha, yaani RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kama ni Intel, kizazi cha 8 kwenda juu. DOSBox-X ni ya bure.

DOSBox-X haiombi kichakataji kikumbuke hali yake ya zamani. Inaigiza kompyuta nzima ya DOS kwa programu tupu: kichakataji, kioo, kibodi na hata mlango wa printa. Kuigiza hivyo hula nguvu nyingi, lakini programu ya hesabu za duka ya mwaka 1995 iliandikiwa mashine dhaifu kuliko simu ya kitochi, kwa hiyo laptopu ya leo haisikii hata uzito.

Diski ya mzee ilikuwa nzima. Niliitoa, nikaichomeka kwa adapta ya USB, nikanakili folda ya DUKA hadi C:\DUKA ya laptopu, na nakala ya pili nikaiweka kwenye flashi. Kisha mwishoni mwa faili ya mipangilio ya DOSBox-X nikaandika:

```
[autoexec]
mount c C:\DUKA
c:
DUKA.EXE
exit
```

Programu ikafunguka mara ya kwanza. Mzee akatafuta jina la nahodha mmoja wa Faza mwenye deni lake tangu kusi ya mwaka jana, akalikuta, akacheka. Mimi sikucheka bado, kwa sababu kwenye programu za namna hii shida hukaa kwenye risiti.

Programu ya DOS haijui USB. Inajua kutuma herufi kwenye mlango uitwao LPT1, na laptopu hazina mlango huo siku hizi. Kebo ya USB ya kuunganishia printa ya zamani inasaidia nusu tu, maana Windows itaiona printa hiyo kama USB001, na DOS itaendelea kuita LPT1 bila kujibiwa na mtu. Hapo DOSBox-X inasimama katikati: inapokea herufi za LPT1, inajifanya printa ya Epson, inachora ukurasa, na kuukabidhi kwa printa yoyote iliyosakinishwa Windows.

```
[parallel]
parallel1=printer

[printer]
printer=true
printoutput=printer
height=55
timeout=2000
```

Mstari wa height ndio ulionitoa jasho. Kipimo chake ni sehemu za kumi za inchi, na kawaida huwa 110, yaani inchi 11. Risiti za mzee ni za inchi tano na nusu. Jaribio la kwanza lilitoa risiti nzuri, kisha likatema risiti nyingine nzima ikiwa tupu, na mzee akaanza kuhesabu karatasi zangu. Nilipoandika 55, ikatulia. Kwa kuwa ukurasa unatumwa kama picha, printa ya nukta inapiga polepole kuliko zamani. Kama foleni yako ni ya Ijumaa mchana kabla ya swala, ujue hilo kabla hujalipa. Kama printa yenyewe nayo imechoka, Epson LX-350 ina mlango wa USB pamoja na ule wa zamani, na bado inapiga kaboni.

Jambo moja la kumfundisha kila anayekaa kwenye kaunta: kulifunga dirisha la DOSBox-X kwa alama ya X ni sawa na kuchomoa stima katikati ya kazi. Programu haipati nafasi ya kumaliza kuandika, na faili za .NTX, ambazo ni faharasa, zinaachana na .DBF. Utajua limetokea pale mteja uliyemwandika jana hatafutiki kwa jina ingawa yupo kwenye orodha ndefu. Dawa ni ile menyu ya kupanga upya faharasa, karibu kila programu ya Clipper inayo. Kinga ni kutoka kwa menyu ya programu yenyewe. Mwana wa mzee alifanya kosa hilo siku ya pili.

Kama una kaunta mbili zinazotumia data moja, usinunue hivi hivi. Fungua mteja mmoja kwenye kompyuta zote mbili kwa wakati mmoja, badilisha deni lake huku na huku, uone. Ikikuruhusu kote bila kulalamika, kufuli la rekodi halifanyi kazi na hesabu zitaliwa.

Nafasi ya pili: mashine ya mezani ya mtumba, Windows 10 ya biti 32

Wenye kaunta mbili, au programu inayokataa kuigizwa, waangalie huku. Tafuta mashine ya mezani yenye mlango wa printa nyuma, ule mpana wa matundu 25, na uwekewe Windows 10 ya biti 32. NTVDM haijawashwa tangu mwanzo. Iko kwenye "Turn Windows features on or off", chini ya "Legacy Components". Printa inapiga kwa kasi yake ya zamani, na mafundi wengi wanaijua.

Kinachoishusha nafasi ni kwamba Windows hiyo haipati tena marekebisho ya kawaida ya usalama. Itumie bila intaneti, bila barua pepe. Tena haiwezi kutumia RAM zaidi ya GB 4, kwa hiyo muuzaji asikutoze kwa GB 16. Na ni mashine ya miaka mingi: ifungue, uangalie bodi kwa tochi kabla ya kulipa. Ukiona kijani au unga mweupe kwenye vishikizo, imeshakaa pwani, iache.

Nafasi ya tatu: kompyuta ndani ya kompyuta

VirtualBox inakuwezesha kuendesha Windows ya zamani nzima ndani ya dirisha. Kwa programu ya DOS tu ni kuchinja ng'ombe kwa kitoweo cha mtu mmoja: inataka RAM ya GB 8 ili isikwame, leseni ya Windows ya ndani, na mtu wa kuielewa. Naiweka hapa kwa ajili ya vifaa.

Kifaa kinahitaji draiva, na draiva inakaa kwenye kiini cha Windows. WOW64 haifiki huko. Draiva ya biti 32 haiingii kwenye Windows ya biti 64 hata uibembeleze. Ile menyu ya "Compatibility" unayoiona ukibofya kitufe cha kulia haisaidii pia, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kuidanganya programu kuhusu toleo la Windows. Lakini VirtualBox inaweza kukipitisha kifaa cha USB moja kwa moja hadi Windows ya ndani, ambako draiva ya zamani inakubalika.

Bibi mmoja mwenye nyumba ya wageni Shela aliniletea skana ya pasipoti ambayo draiva yake ilikomea Windows XP. Nikaijaribu hivyo, ikasoma. Kila mgeni akifika, angefungua VirtualBox, asubiri XP iamke, askani, kisha ahamishe picha nje. Aliniangalia nikifanya mara moja tu.

"Na mgeni amesimama na mizigo yake?" akauliza.

Akanunua skana mpya. Ile ya zamani iko kwenye meza yangu hadi leo.