Joho la mlinzi na Cloth ya Blender: uzoefu wangu

Kazi yenyewe ilikuwa joho moja tu, la mhusika mmoja: mlinzi wa lango mwenye urefu wa mita 1.8, joho limefungwa mabegani na kushuka mita 1.2 hadi chini ya magoti. Anatembea, anasimama, kisha anageuka ghafla mkono ukiwa umenyooshwa. Nilitumia Cloth, kifaa cha kuigiza mwendo wa kitambaa, iliyomo ndani ya Blender 4.2, programu ya kutengeneza katuni za 3D. Niseme mapema kwamba kwa programu ya bure nimeridhika nayo, na kazi ya namna hii ningeirudia humo humo. Ila namba zinazokuja nayo hazikupangwa kwa ajili ya joho lililofungwa kwenye mwili unaotembea. Ukiwasha Cloth na kubonyeza kucheza, mlinzi anasimama tuli huku kitambaa cha mabegani kikiendelea kutetemeka kama mtu mwenye homa.

Wengi wakiona mtetemo hukimbilia kuongeza ugumu wa kitambaa. Kabla ya kugusa namba yoyote, ni vizuri kwanza ujue mtetemo unatoka wapi, na kipimo chake ni rahisi. Gandisha mlinzi katika pozi moja kwa fremu 60 hivi. Joho likitulia, tatizo liko kwenye mwendo. Likiendelea kutetemeka ilhali hakuna kinachosogea, ondoa tiki kwenye Object Collisions uangalie tena. Mtetemo ukikoma hapo, ujue kitambaa na mwili vinagombana. Usipokoma, ndipo utazame ugumu wa kitambaa, au kile kipengele cha nguo kujigonga yenyewe.

Kwa joho, mara nyingi jibu ni ugomvi wa mabegani. Nukta za kola zimewekwa kwenye Pin Group, kundi la nukta zinazobanwa, kwa uzito wa 1, maana yake zinafuata mifupa na hakuna kinachoweza kuzihamisha. Mwili nao umewekewa Collision, na kazi yake ni kusukuma nje kitambaa chochote kinachousogelea. Cloth inaanza na Distance ya 0.015, Collision ya mwili inaanza na Thickness Outer ya 0.02, na hizo mbili hujumlishwa. Kwa hiyo kitambaa hakiruhusiwi kukaribia ngozi kwa chini ya sentimita 3.5, wakati kola niliyoichora ililala sentimita 1 tu juu ya bega. Nukta zilizobanwa haziondoki. Zile za mstari unaofuata, ambazo hazijabanwa, zinasukumwa nje na mwili na papo hapo kuvutwa ndani na majirani zao. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hapo wanapambana kila fremu.

Dawa yake ni kutougongesha mwili halisi kabisa. Nilitengeneza mwili bandia: pipa la kiwiliwili, nyonga, mapaja, na mirija miwili ya mikono, bila vidole, bila masikio, bila mkanda. Unafungwa kwenye mifupa ile ile ya mlinzi, na Armature, modifaya inayofuatisha mwili kwenye mifupa, inakaa juu ya Collision katika orodha ya modifaya, la sivyo kitambaa kitagonga mwili uliobaki kwenye pozi la mwanzo. Mabegani niliusinyaza sentimita 2 ndani ya ngozi, nikashusha Outer hadi 0.005 na Distance hadi 0.01. Sasa kola iko sentimita 3 kutoka kwenye mwili bandia, nao unasukuma kwa kama sentimita moja na nusu tu. Hakuna tena cha kugombania. Mwili bandia uko peke yake kwenye kolekshini ambayo nimeitaja katika Collision Collection ya joho, hautoki kwenye renda, na kwenye skrini nimeuacha uonekane kama waya.

Kuna sehemu moja ya mwili bandia ambayo ni bora isiwepo: upande wa ndani wa mkono, karibu na kwapa. Mlinzi akishusha mkono, kitambaa hubanwa kati ya mkono na mbavu, kila upande ukikisukumia mwenzake, na hakuna ugumu wala hatua za hesabu zitakazokituliza. Nilianza mirija ya mikono chini ya kwapa na kuifanya myembamba kuliko mikono yenyewe. Pale joho linapozama kidogo kwenye mkono halisi, kamera haioni.

Kubana nako kuna namna yake. Ukibana mstari mmoja kwa 1 na unaofuata ukawa 0, joho linakunjika hapo kama karatasi, na kila hatua ya mlinzi inapita kwenye mkunjo huo. Nilipaka uzito unaoteremka: kola 1, kisha 0.8, 0.5, 0.2, ndipo sifuri. Hapa pia Armature lazima iwe juu ya Cloth, na Subdivision iwe chini yake.

Ugumu ndio uliozungumzwa sana mitandaoni, na kwangu ulikuwa sehemu fupi. Tension, yaani ukinzani wa kitambaa kuvutwa, mwanzoni ni 15, nami niliishia 40, kwa sababu joho zito halitakiwi kunyumbuka kama mpira. Bending, ukinzani wake wa kukunjika, niliipandisha kutoka 0.5 hadi 5 ili mikunjo iwe mipana. Jambo ambalo watu hulipita ni Vertex Mass. Ile kilo 0.3 ni uzito wa kila nukta, si wa nguo nzima. Mstari wima wa nukta 40 unaning'iniza 12 kwenye kola. Ukigawa kila mraba wa meshi kuwa minne, mstari ule ule una nukta 80 na unaning'iniza 24. Joho lililokaa vizuri jana leo linarefuka hadi chini, na mtu analaumu Tension. Ukiongeza nukta mara nne, gawa uzito kwa nne.

Kugeuka ghafla kulidai kitu kingine. Mkono ulionyooshwa unafika kama mita 0.7 kutoka katikati ya mwili, na nusu mzunguko ndani ya fremu 12 ni mita 2.2, yaani sentimita 18 kwa kila fremu. Quality Steps, yaani hatua za hesabu kwa kila fremu, ikiwa 5, mkono unaruka karibu sentimita 4 kila hatua, wakati ukanda wa kugonga hauzidi sentimita 1.5. Unapenya joho upande wa pili, kisha joho linanasa. Kwa hatua 12 mruko unashuka hadi sentimita 1.5, na joho likaanza kupeperuka badala ya kunasa. Gharama yake ni muda: hesabu hii inafanywa na prosesa, na hatua zikizidi maradufu, kungoja nako kunakaribia maradufu.

Self Collisions, kile kipengele cha nguo kujigonga yenyewe, niliiacha imezimwa hadi mwisho. Kwa joho moja linaloning'inia mgongoni, lisilopindwa pindwa, haikuongeza kitu nilichoweza kukiona, ila ilipunguza sana kasi. Ukiihitaji, hakikisha Distance yake ni ndogo kuliko nafasi kati ya nukta na nukta. Kwenye meshi ya sentimita 1, ile 0.015 ya mwanzo yenyewe inazaa mtetemo mpya.

Kinachonichosha bado ni mwanzo wa shoti. Simulesheni inaanza na joho jinsi lilivyochorwa, hivyo fremu za kwanza linaanguka na kubembea. Nimeizoeza timu yetu kuanza fremu 40 kabla ya shoti, mlinzi akitoka taratibu kwenye pozi la kuchorwa hadi pozi la kwanza, halafu tunabonyeza Bake, inayohifadhi hesabu, kwa ukanda wote.