Kolekalsiferoli au kalsitrioli: ipi imfae mgonjwa wa figo?

Dawa hizi mbili huitwa vitamini D, lakini hazianzii safari mahali pamoja. Kolekalsiferoli ndiyo ile ambayo ngozi huitengeneza pale mionzi ya urujuanimno ya jua inapofungua pete moja ya 7-dehidrokolesteroli, na bado inahitaji ini liiongezee kikundi cha hidroksili kwenye kaboni ya 25, kisha figo ziongeze kingine kwenye kaboni ya 1. Kalsitrioli imekwishapita hatua zote hizo, hivyo ikifika utumboni huziamuru seli zitengeneze protini za kuvusha kalsiamu kuingia kwenye damu.

Tuchukue mgonjwa ambaye figo zake zimekaribia kushindwa kabisa. Akimeza kolekalsiferoli, kipimo cha kalsidioli, yaani zao la ini, kinaweza kupanda vizuri, huku kalsiamu ikibaki chini na homoni ya paradundumio ikizidi kuivuta kutoka kwenye mifupa. Kwake ningeona kalsitrioli ina nafasi, mara nyingi kwa kuanzia mikrogramu 0.25 kwa siku.

Hata hivyo, figo nzima hupunguza hatua ya mwisho kalsiamu inapotosha, na kidonge cha kalsitrioli hukiruka kizuizi hicho, hivyo kalsiamu inaweza kupita kiasi. Kiu kali, kufunga choo na kuchanganyikiwa ni dalili za kupima kalsiamu mara moja. Kwa mwenye figo nzima aliyekosa jua tu, kolekalsiferoli inatosha, na ni salama zaidi.