ICL7665 kwa kuchunga betri ndogo ya sola: uzoefu wangu

Kwa betri ya risasi ya 12V 7Ah ninayotaka iwashe taa nyekundu ikishuka karibu na volti 11.9, ICL7665, IC ya kugundua volti ikishuka au kupanda, imenifaa kuliko TL431. TL431 ni rahisi na inapatikana kila duka la vipuri, lakini ili ifanye kazi kwa uhakika inahitaji hadi 1mA muda wote. Kwa mwezi hiyo ni 0.72Ah, yaani sehemu ya kumi ya betri imeliwa na kifaa kilichowekwa kuilinda. ICL7665 yenyewe hula mikroampia 3 hivi, na ndani tayari ina volti ya rejea ya 1.3V.

Kinachobaki ni rezista mbili za kugawa volti. Natumia 2.2M juu na 270k chini, katikati yake inaingia kwenye pini ya SET2 ya IC:

```
1.3 × (1 + 2200/270) = 11.9V
```

Hapo zinapita mikroampia 5 tu. Usishawishike kupanda hadi 22M ili upunguze zaidi. Pini ya SET inaweza kuvujisha hadi nanoampia 10, na mvujo huo ukizidishwa kwa 2.2M unakosea 22mV, jambo la kuvumilika. Kwa 22M kosa linafika 220mV, na kipimo kinapoteza maana.

Rejea ya 1.3V haiko sawa kwa kila IC, kwa hiyo mahali pa 270k weka 220k na trima ya 100k mfululizo. Rekebisha kwa pawasapulai mahali pa betri, huku mita ikiwa kwenye nyaya za betri, siyo kwenye SET2. Mita ya 10M ikigusa pini hiyo inaivuta chini, na taa huwaka mapema kwa karibu 0.3V. Wengi hudhani IC ni mbovu, kumbe ni mita.

Kati ya 2.2M na chanya ya betri ongeza 220k, kisha unganisha pini ya HYST2 kwenye kiungo chao. Taa ikishawaka haizimi mpaka betri ifike karibu 13V, yaani hadi ichajiwe kweli, badala ya kumetameta kila mzigo unapozimwa. SET1 isiyotumika iende hasi.

Adui mkubwa ni uchafu wa solda na unyevu, hasa pwani. Njia ya mvujo ya 20M sambamba na ile 2.2M hushusha kiwango hadi 10.8V hivi, taa itachelewa wakati betri imeshaumia. Sugua bodi kwa spiriti, ikauke kabisa, kisha paka vanishi. Ukiweka kapasita kati ya SET2 na hasi, iwe ya seramiki ya 100nF. Ya elektroliti huvuja.

Kasoro ya ICL7665: inavumilia mwisho 18V. Ukitoa betri paneli ikiwa bado imeunganishwa, volti 21 za paneli zinaweza kuiua papo hapo.