Uzoefu wangu: kupima ufuo wa Kunduchi kwa picha za zamani za Google Earth Pro

Baba mdogo ana kiwanja cha minazi ufuoni, kaskazini kidogo ya Kunduchi, Dar es Salaam, na kila tukikutana hunilalamikia kwamba bahari inamla. Nikataka kujua imekula kiasi gani. Nilifungua Google Earth Pro kwenye kompyuta (ni bure tangu 2015), nikabofya alama ya saa, `Historical Imagery`, na kitelezi cha tarehe kikatokea juu ya picha.

Siku ya kwanza nilikosea. Kati ya picha ya 2010 na ya 2020 maji yalionekana yamesogea karibu mita 60. Nikampigia simu kwa hofu, naye akaniuliza, "Siku hizo ilikuwa bamvua au maji mafu, mwanangu?"

Sikuwa nimeliwaza hilo kabisa. Bamvua ni siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yanapopanda na kushuka sana; maji mafu ni siku za nusu mwezi, yanapopanda na kushuka kidogo. Programu inaonyesha tarehe ya picha, saa haionyeshi. Lakini setelaiti nyingi za picha kali hupita kwetu asubuhi, mnamo saa nne hadi saa tano, na wavuvi wa pwani hii wanajua kuwa siku za bamvua maji huwa yamekupwa saa hizohizo. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa nne maji yamejaa. Bamvua huku hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na ufuo ukiinama mita 1 kwa kila mita 30, ukingo wa maji husogea mita 90 kwa saa sita tu. Nikatafuta mwezi wa angani ulikuwa wa siku ngapi katika tarehe zile mbili: picha ya 2010 ilikuwa ya bamvua, ya 2020 ya maji mafu.

Nikaacha kupima maji. Sasa napima mahali majani na vichaka vinapokoma na mchanga kuanza, maana huko maji ya kila siku hayafiki. Nilichora mstari huo kwenye picha ya zamani, nikasogeza kitelezi, kisha nikapima kwa `Ruler`. Mita 12.

Hata hizo hazikuwa zote za bahari. Picha za tarehe tofauti hazikai sawasawa juu ya ardhi, kwa hiyo nilitafuta njia panda iliyo karibu nikaikuta yenyewe imehama mita 5 kuelekea upande uleule. Usitumie paa la ghorofa kwa kazi hii, kwa sababu setelaiti huangalia kwa mshazari na paa hulala upande. Zikabaki mita 7.

Picha za mwanzo wa kitelezi, za miaka ya 1980, hazinisaidii: nukta moja ni mita 30 za ardhi. Lakini kwenye zile kali nilihesabu vilele vya minazi ya mbele. Mitatu iliyokuwepo 2010 haipo 2020, na ndiyo mitatu ambayo baba mdogo alikuwa akinitajia.