Niliambiwa "imebaki moja", na safari hii ilikuwa moja kweli

Raba zangu mbili za mwisho nimezinunua kwa watu wawili tofauti, wote kupitia stetasi za WhatsApp, wote Dar, mimi nikiwa Mbeya. Wa kwanza alinikimbiza, wa pili naye akanikimbiza. Tofauti ni kwamba huyu wa pili alikuwa na sababu, na sababu yenyewe aliiandika kwenye tangazo.

Nianze na wa kwanza ili mwelewe kwa nini nilikuwa na kinyongo. Mwaka jana aliweka picha ya Air Force 1 nyeupe tupu na maneno: "Imebaki pea moja, 44, haitarudi tena, nani anawahi?" Mimi kwa Nike navaa 42.5. Ila "haitarudi" ikaniingia, nikajiambia 44 si mbali sana, nikalipa. Air Force yenyewe inajulikana kuwa na nafasi kubwa ndani, watu wengi hushusha nusu saizi, mimi nikapandisha saizi moja na nusu. Kisigino kikawa kinachomoka kila nikipanda ngazi. Nilizivaa na soksi mbili miezi miwili, nikampa shemeji.

Siku tatu baadaye picha ile ile ikarudi stetasi, na maneno yale yale. Stetasi inafutika baada ya saa 24, kwa hiyo "pea ya mwisho" inaweza kufufuka kila asubuhi na hakuna anayekumbuka ya jana. Nikachukua simu ya mdogo wangu, nikauliza 45. "Ipo kaka." Nikauliza 41. "Ipo, wahi." Hapo nikaelewa.

Na ningeelewa mapema kama ningefikiri kidogo. Air Force nyeupe tupu, ile yenye namba ya bidhaa CW2288-111 kwenye boksi, ni kiatu ambacho Nike hawajaacha kukitoa. Duka fulani linaweza kuishiwa, lakini mtu akikuambia hicho "hakitarudi" anakudanganya palepale, hata kabla hujamuuliza saizi. Rangi za kushirikiana na msanii au mbunifu, hizo kweli zinatoka mara moja basi. Nyeupe tupu hapana.

Sasa huyu wa pili. Yuko Sinza, ana kimlango kidogo, na mzigo wake anaukusanya Dubai wakati wa mapunguzo. Jina lake siliandiki kwa sababu nitamlaumu kidogo huko mbele, na hajanituma. Kuna siku saa 4 asubuhi akaweka tangazo ambalo nalinakili kama lilivyokuwa:

"Samba OG nyeupe mistari myeusi, B75806. Zimeingia pea 14, tano zina majina ya watu tayari, zilizo wazi ni 9. Saizi 40⅔: 2. 41⅓: 2. 42: 2. 42⅔: 1. 43⅓: 1. 45⅓: 1. Bei 260,000. Rangi hii itarudi, nimeshaagiza, lakini siwezi kuahidi saizi gani zitakuja. Pima mguu kwanza, nakushikia dakika 30 bila hela. Mizigo ya mikoani naipeleka stendi ya Magufuli saa 11 jioni kwa mabasi ya alfajiri. Ukilipa baada ya hapo itasafiri kesho kutwa, bei ile ile."

Nililisoma mara mbili. Kwanza zile saizi zenye theluthi. Adidas, wenye Samba, hawana 41 kamili wala 43 kamili. Namba zao za Ulaya zinaruka kwa theluthi mbili, theluthi mbili: 40, 40⅔, 41⅓, 42, 42⅔, 43⅓, 44. Muuzaji akikuandikia "Samba 41, 43", ama anakadiria ama boksi lake linasema hivyo, na boksi la Samba linalosema 43 kamili lina maswali ya kujibu. Huyu alikuwa ameandika kile kilichopo kwenye lebo, maana yake alizifungua boksi akahesabu. Mtu anayepiga kelele tu hahangaiki na theluthi.

Pili, ile hesabu kwa kila saizi. Uhaba wa raba unakaa kwenye saizi, hauko kwenye mzigo mzima. Anayenunua Dubai kwenye punguzo hapati saizi zote kwa usawa, anapata mabaki ya rafu. Kwa hiyo duka linaweza kuwa na pea tisa na mimi nikawa na moja tu, au nikawa sina kabisa. Ukiniambia "zimebaki tisa" nitalala. Ukiniambia "zimebaki mbili" bila saizi utanipa presha isiyonihusu. Ukiniambia 42⅔ ni moja, na hiyo ndiyo yangu, basi haraka niliyonayo ni ya haki, na wa 42 naye anajua ana nafasi ya kunywa chai.

Tatu, neno "itarudi". Nilimuuliza baadaye kama halimpunguzii wateja. Akasema linapunguza wale wa kubahatisha, na hao ndio wanaorudisha viatu.

Nililiona tangazo saa 4 na robo nikiwa kazini. Nikamwandikia: "Kaka, nishikie 42⅔, nipime mguu." Saa 4:20 nikaona stetasi mpya: "42⅔: 1, imeshikwa hadi 4:50." Hakuandika "imeisha". Mtu mwingine wa saizi ile akisoma pale anajua kuna mlango mdogo bado uko wazi, asubiri nusu saa.

Nikavua kiatu ofisini, nikaweka karatasi sakafuni, kisigino ukutani, nikachora alama mbele ya kidole kirefu. Mguu wa kulia sentimita 26.6, wa kushoto 26.4. Kwa Adidas 42 ni sentimita 26.5 na 42⅔ ni 27. Samba ni nyembamba mbele, kwa hiyo 42 ingenibana ule mguu wa kulia. Hii ndiyo kazi ambayo yule wa kwanza hakunipa nafasi ya kuifanya, na ndiyo iliyonigharimu. Nikalipa saa 4:38, 260,000 ya kiatu na 10,000 ya basi. Dakika mbili baadaye stetasi ikabadilika: "42⅔: 0."

Hadi hapo nilikuwa nampa nyota zote. Kisha saa 12 jioni, nikiwa kwenye daladala, nakuta: "42⅔: 2."

Nilihisi damu inapanda. Sifuri imezaaje mbili? Nikamwandikia kwa ukali kidogo, nikamwambia mchezo huu naujua. Hakunijibu kwa maandishi, akanipigia. Akanieleza kwamba kati ya zile tano zenye majina, mbili zilikuwa 42⅔. Wenyewe waliandikisha wiki mbili nyuma, akawapa hadi saa 10 jioni walipe, mmoja hakupokea simu, mwingine akasema hela imeingia kwenye ada ya mtoto. Zikarudi rafu. Akanitumia picha ya daftari: majina kayaficha kwa kidole, saizi na saa zikionekana, mistari miwili imekatwa kwa peni nyekundu.

Nilimwamini, na bado nadhani alikosea. Hakudanganya, ila aliacha tundu. Aliandika tano zina majina, hakuandika ni saizi zipi wala zinaachiliwa lini. Kwangu mimi "moja" ilimaanisha moja, kumbe ilikuwa moja ya wazi na mbili zinazoning'inia. Kama angeandika "42⅔: 1 wazi, 2 zimewekwa hadi saa 10 jioni", ningejua kabisa ninachokimbilia. Pengine ningelipa hivyo hivyo, kwa sababu kungoja watu wawili washindwe kulipa ni kamari. Lakini ningechagua mwenyewe. Na yeye asingeonekana kama yule wa "nani anawahi", maana kwa mnunuzi aliyewahi kuumwa, namba inayopanda ina sura moja tu, hata iwe na maelezo mazuri kiasi gani.

Nilimwambia hivyo. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Hapo umenishika, kaka." Kisha akaniuliza kama nataka hela yangu irudi. Nikakataa, kiatu nilikitaka.

Kiatu chenyewe: basi liliondoka alfajiri, mzigo nikauchukua ofisi ya basi asubuhi ya kesho yake. Boksi halikupondeka. Lebo ya ndani ya ulimi ilisoma UK 8½, F 42⅔, J 270, na namba ya bidhaa ikalingana na ya boksi. Ngozi ya pembeni ni laini, suede ya puani haina gundi iliyovuja, soli ya kahawia imeshonwa usawa pande zote. Siku mbili za kwanza inabana kwenye kidole kidogo, ya tatu ikalegea. Mwenye mguu mpana apande nusu saizi, au aachane na Samba kabisa.

Lawama nyingine ni ndogo. Kutangaza saa 4 asubuhi siku ya kazi kunawapendelea wenye bando na bosi mpole; mwalimu aliye darasani analiona saa 8, saizi yake imeshaondoka. Angetangaza jana yake kwamba kesho saa fulani mzigo unafunguliwa. Na picha aliweka ya kiatu kimoja tu, upande wa nje. Kwa bei ile nataka kuona lebo na soli bila kuomba.

Mzigo wake uliofuata ulikuwa New Balance, si saizi yangu, nilisoma kwa udadisi tu. Safari hii kila saizi ilikuwa na namba mbili, wazi na zilizowekwa, na saa ya kuachiliwa pembeni. Nampa nne kati ya tano.

Ile Samba 45⅓ ya mzigo wetu haijauzwa hadi leo. Jana ameiweka tena stetasi: "45⅓: 1. Ipo tangu siku ile, haina haraka, mwenye mguu wake ataikuta."